Bosi ni mwanafunzi wangu, na kalamu ya kunipima anayo yeye

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 26, ni mchambuzi wa takwimu. Miezi minne iliyopita ofisi ya rasilimali watu ilianzisha kitu wanachokiita ulezi wa kinyume: sisi vijana tuwafundishe wakurugenzi mambo ya kidijitali. Nikapangiwa mkurugenzi wa idara yangu mwenyewe, mzee wa miaka 57, ambaye ndiye anayesaini tathmini yangu ya mwisho wa mwaka.

Vikao ni kila baada ya wiki mbili, saa moja moja. Vilipaswa kuwa vinane, vimefanyika vitano. Kila mara ni yaleyale. Nikianza kumwelekeza, muda si mrefu anaisukuma kompyuta upande wangu: "Hebu nimalizie hiyo, binti, nina kikao." Namalizia. Kikao kijacho anauliza kitu kilekile. Siku hizi ananipigia hata saa nne usiku nimtafutie faili. Mwezi uliopita alinipa neno lake la siri la barua pepe ili "tusisumbuane", na nimeshaingia mara mbili kumpakulia viambatisho. Naona hataki kujifunza, anataka mtumishi.

Kilichonifanya niandike ni ripoti ya robo mwaka. Inapita kwa wakuu wa vitengo sita, kila mmoja anarudisha nakala yake kwa barua pepe, naye anaziunganisha. Safari hii alichukua nakala ya zamani ya kitengo kimoja, takwimu za robo iliyopita zikaenda mpaka kwenye bodi. Alipoulizwa kwenye kikao cha wakuu akasema, "Si ninaye mwalimu wangu pale, mwulizeni." Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Sasa rasilimali watu wamenitumia fomu nipime maendeleo yake kuanzia 1 hadi 5 na nieleze "changamoto zake". Nikiandika ukweli nitakuwa nimemsema bosi wangu. Nikiandika uongo, mpango utaonekana umefaulu na wenzangu wataingizwa humohumo. Nafikiria kujitoa. Mama yangu anasema mkubwa hafundishwi, anasaidiwa tu. Nifanyeje?

Mwalimu Asiye na Chaki

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya yote, lile neno la siri, maana hilo halisubiri. Kila ukiingia kwenye barua pepe yake, mfumo unaandika kwamba aliyeingia ni yeye. Siku barua ikifutika, au kiambatisho kikifika kwa asiyehusika, ataulizwa yeye kwanza, na wa pili utaulizwa wewe, kwa kuwa unajulikana una ufunguo. Hutakuwa na njia ya kuonyesha lipi ulifanya na lipi hukufanya. Mwombe alibadilishe, na umpe sababu inayomlinda yeye: "Mzee, likitokea lolote humu sitaki jina lako liingie kwenye jambo ambalo hukulifanya." Kisha alibadilishe mwenyewe, wewe umegeukia dirishani, na aweke uthibitisho wa hatua mbili, ule unaomtaka akubali pia kwenye simu yake. Hicho kinatosha kuwa kikao kizima. Kama kweli anahitaji mtu wa kumsaidia barua, mifumo mingi ya kazini ina njia ya kumruhusu mwingine aingie kwa jina lake mwenyewe, bila kupewa neno la siri. Mtu huyo ni katibu wake, si wewe.

Sasa twende polepole. Unasema hataki kujifunza. Huenda ni kweli. Lakini nikusimulie la kwangu. Nilipokuwa na miaka 52 ofisi niliyokuwa nafanya kazi ilileta mfumo mpya wa kuidhinisha malipo, na kijana mmoja akapewa kazi ya kunifundisha. Kila tulipofika kwenye ukurasa wa mwisho nilimwambia nina kikao. Sikuwa na kikao chochote. Niliogopa kidole changu kitabonyeza kitu na fedha zitakwenda mahali nisikokujua, mbele ya mtoto ambaye kesho yake nilitakiwa kumkaripia kwa kuchelewa. Kwa hiyo nikisikia mzee anasukuma kompyuta, sikimbilii kumwita mvivu.

Ipo namna ya kutofautisha. Angalia anaisukuma wakati gani. Akikupa kompyuta kabla hata faili halijafunguka, hapo anatafuta wa kumfanyia. Lakini kama anakwenda vizuri, kisha anaisukuma kila skrini inapomtaka achague kitu asichokijua maana yake, hiyo ni hofu, na hofu ina dawa. Zile simu za saa nne usiku nazo zina sura mbili. Inawezekana hajali muda wako. Inawezekana pia ndio wakati pekee ambapo hakuna anayemsikia akiuliza. Mchana ana katibu, ana wasaidizi. Kwa nini asiwatume hao? Sikuambii ni ipi. Nakuambia hujaijua bado, na mimi pia sijui.

Kosa lililo wazi ni la waliowapanga. Ulezi huu wa kinyume ulipata umaarufu mwaka 1999, Jack Welch alipokuwa mkuu wa General Electric na kuwaagiza viongozi wake wa juu wapatao 500 wakae na wafanyakazi wadogo wafundishwe intaneti. Agizo lilitoka juu kabisa, na yeye mwenyewe akawa na mwalimu wake. Huo ndio upande ambao ofisi nyingi huusahau zinapoiga. Je, mkuu wa taasisi yenu anafundishwa na nani? Kama hakuna, basi mkurugenzi wako anaona amechaguliwa kwa kuwa ni mjinga wa kompyuta, na kila kikao ni ushahidi.

Halafu kuna hili la kupangiwa kumfundisha mtu huyohuyo anayekusimamia. Wanaoendesha mipango hii vizuri hupanga jozi nje ya mstari wa madaraka: kijana wa fedha na mkurugenzi wa mafunzo, kijana wa takwimu na mkurugenzi wa ununuzi. Mwalimu lazima aweze kusema "hapo umekosea, rudia." Kwa mwenye kalamu ya tathmini yako utalimeza. Na mwanafunzi lazima aweze kusema "sijaelewa" mara ya tatu. Kwa mtu atakayempangia kazi kesho, naye atalimeza. Mnakaa wawili mkimeza maneno, na kitu pekee kinachobaki cha kufanya ni wewe kummalizia kazi. Kwa hiyo usijilaumu kwamba hujui kufundisha. Ingawa, mwanangu, kuna mawili matatu ya kurekebisha kwenye ufundishaji wenyewe.

La kwanza ni mkono. Unapochukua kompyuta na kumalizia, wewe umefanya zoezi la tano na yeye hajafanya hata moja. Kuangalia mtu akibonyeza haraka hakumwachii mtazamaji kitu. Kaa pembeni yake, mikono juu ya mapaja, na kipanya kibaki kwake kikao kizima hata kama atatumia dakika sita kutafuta kitufe ambacho wewe ungekibonyeza ukiwa umefumba macho. Dakika hizo ni ngumu kuzivumilia, najua. Mwonyeshe kwa maneno tu: "Juu kulia, kitufe cha bluu." Na kila kikao kianze kwa yeye kurudia kazi ya kikao kilichopita bila msaada. Pale atakapokwama ndipo somo la leo lilipo. Ukianza na kitu kipya kila mara, utakuwa unajaza ndoo inayovuja. Dakika 40 za namna hiyo zinatosha, na mwishoni aandike hatua yeye, kwenye karatasi, kwa maneno yake. Akiandika "bonyeza kile kialama kinachofanana na kalamu", mwache. Asubuhi ya kesho atasoma yake, hatasoma yako.

La pili ni mada. Hujaniambia unamfundisha nini, na ninashuku ni chochote anachokuuliza siku hiyo. Chukua kazi moja tu ambayo inamuuma. Mnayo tayari, ile ripoti. Nikupe mfano wa namna ningeipanga, nikichukulia mnatumia Google Docs. Mkiwa na kitu kingine, mpangilio ni uleule.

Usianze na mafaili wala folda. Anza na anachokijua kuliko wewe, ambacho ni kusahihisha maandishi ya watu. Mfungulie waraka mmoja wa majaribio na umwonyeshe hali inayoitwa `Suggesting`, ambapo kila anachokifuta kinabaki kinaonekana kwa rangi, na mwenye kazi anakikubali au kukikataa. Hiyo ni ile kalamu yake nyekundu, imehamia kwenye skrini. Katika kikao hiki yeye ni hodari tangu dakika ya kwanza, na wewe umetulia.

Kikao cha pili, `Share`. Afungue yeye waraka mmoja wa ripoti na aamue nani awe `Editor`, yaani mwenye ruhusa ya kubadilisha, nani awe `Commenter`, anayeacha maoni tu, na nani awe `Viewer`, wa kusoma tu. Angalia vizuri hapa: swali la nani aruhusiwe kugusa ripoti ni swali la uongozi. Wewe unajua kitufe, yeye anajua kwamba mkuu wa kitengo fulani akiachiwa atabadilisha mpaka kurasa za wenzake. Hapo mnahitajiana kweli.

Kikao cha tatu, `Version history`, iliyo kwenye menyu ya `File`. Hapo ataona nani alibadilisha nini na lini, na anaweza kurudisha hali ya awali. Mwache aharibu aya nzima makusudi kwenye waraka wa majaribio, kisha airudishe. Usiliruke zoezi hili. Mtu akishaona kwa macho yake kwamba kilichoharibika kinarudi, mkono unaacha kutetemeka, na kama tatizo lake lilikuwa hofu, utaona mabadiliko kwenye kikao hichohicho. Kabla ripoti haijakwenda kwenye bodi, awabadilishe wakuu wote sita kuwa `Viewer`, isiguswe tena.

Hapo nakala sita za barua pepe zinakufa na hakuna cha kuunganisha. Lakini usimwahidi muujiza. Waraka wa pamoja hauzuii mkuu wa kitengo kubandika takwimu za robo iliyopita. Utazionyesha vizuri tu zikiwa zimekosewa. Kwa hiyo juu ya kila jedwali iwepo tarehe ya takwimu ilipoishia, na ukaguzi wa tarehe hizo ubaki kazi yake. Tena, lazima wawepo wawili watakaoendelea kutuma viambatisho. Wewe huna ubavu wa kuwakatalia. Yeye anaweza kujibu kwa mstari mmoja, "weka kwenye waraka," na akikubali kiambatisho kimoja tu kwa huruma, robo ijayo mtarudi mlikotoka.

Utajuaje kama amejifunza? Usihesabu vikao. Hesabu viambatisho vitakavyoingia robo ijayo, na mara ambazo atakupigia simu kwa jambo ambalo liko kwenye karatasi yake. Namba hizo mbili zikishuka, ameshika. Zisiposhuka baada ya vikao vitatu ambavyo hukugusa kompyuta, basi wasiwasi wako wa kwanza una uzito kuliko wangu, nami nitakuwa nimemtetea bure.

Haya, fomu. Kupima mtu 1 hadi 5 na kueleza "changamoto zake" kunakugeuza mwalimu kuwa mpelelezi, na waliotunga swali hilo hawakufikiria ameketi nani upande wa pili. Ofisi ina haki ya kujua kama vikao vinafanyika, vinahusu nini, na kama kuna kizuizi. Yanayosemwa ndani ya chumba ni yenu wawili. Unaweza kuwaandikia kwamba utaleta tarehe na mada, naye aseme mwenyewe anachoweza kufanya sasa ambacho hakukiweza mwanzo. Wanaweza kukujibu kuwa fomu ni lazima. Ikifika huko, andika matendo badala ya kumwelezea mtu. "Amesahihisha waraka wa pamoja peke yake, bado hajarudisha toleo la awali bila msaada." Na mwonyeshe kabla hujatuma. Ukweli ambao mwenyewe ameusoma kwanza haunuki kama umbea.

Kuna mzaha wa kwenye kikao cha wakuu. Hapo nimesimama nikakusoma mara mbili. Kosa la ripoti lilikuwa kazi yake, na kumfundisha mtu hakukufanyi ubebe makosa yake. Kama mna kiasi fulani cha kuheshimiana, mwambie mkiwa wawili tu, kwa sauti ya kawaida: "Mzee, siku ile kwenye kikao nilijisikia nimebebeshwa ripoti. Naomba nikiwa mwalimu wako niwe humu ndani tu." Anaweza kuomba radhi. Anaweza pia kununa wiki mbili. Wewe ndiye unayemjua, na kama moyo unakuambia atalipiza, hulazimiki kulisema leo. Ila kiandike mahali pako, na tarehe yake.

Kwa hiyo naona njia zako ni tatu, na hakuna iliyonyooka.

Unaweza kubaki kwa masharti mapya. Maneno yake yawe mafupi: "Mzee, naomba tujaribu kwa namna nyingine kwa vikao vitatu. Sitagusa kompyuta, na tutashughulikia ripoti tu. Ukikwama tunakwama wote mpaka tutoke." Simu za usiku uziingize humohumo: "Nikikujibu usiku nitakufanyia, tukikutana asubuhi dakika kumi utafanya wewe." Mpe na yeye nafasi ya kukufundisha, kwa mfano bodi husoma nini kwanza kwenye ripoti na huuliza maswali gani. Mtu anayepokea tu kwa mtoto huchoka kupokea. Hatari ya njia hii ni kwamba kalamu ya tathmini bado iko mfukoni mwake, na masharti ya mdogo kwa mkubwa yanaweza kusahaulika siku ya pili.

Unaweza kuomba mbadilishwe jozi. Sababu usiiweke kwake, iweke kwenye mpango: "Ninapendekeza jozi zote ambazo mmoja anamtathmini mwingine zibadilishwe." Wakiwa na jozi nyingine kama yenu, utakuwa umewasaidia na wenzako bila kumtaja mtu. Hatari ni kwamba yeye anaweza kuhisi amekataliwa, hasa akisikia kwa rasilimali watu kabla ya kusikia kwako. Ukichagua hii, yeye awe wa kwanza kujua.

Na unaweza kujitoa. Una haki hiyo, hasa kama saa za vikao na maandalizi zinaongezwa juu ya kazi zako bila kupunguziwa nyingine. Uliza kwanza kama msimamizi wako wa karibu anazihesabu. Hatari ya kujitoa kimya ni hiyo uliyoitaja mwenyewe: mpango utabaki na kasoro yake, na atakayewekwa kwenye kiti chako huenda akawa mdogo kuliko wewe.

Mama yako nampa heshima yake, na nusu ya neno lake naichukua. Mkubwa akifundishwa mbele za watu hukataa, na hapo husaidiwa tu mpaka astaafu. Mlango ukifungwa, na akiwa na uhakika kuwa hakuna kitakachotoka nje, wapo wakubwa waliojifunza. Mimi mmojawapo, ingawa yule kijana alinisubiri miezi mitatu, na mpaka leo sijui alikuwa akinisema nyumbani kwao au la.

Kabla hujachagua lolote, nenda kwenye kikao kijacho na saa yako. Usimwambie. Andika dakika atakayoisukuma kompyuta, na kilichokuwa kwenye skrini wakati huo. Fanya hivyo vikao viwili, kisha niandikie tena.

Shangazi